Neno la Siri la Akaunti ya Mama

Jumatatu, 24 Novemba

Mtihani wa mwisho wa darasa la kumi na mbili ulikwisha Ijumaa. Daftari hili lilikuwa la jiografia na limebaki na kurasa nyingi, kwa hiyo nitaandika humu mpaka matokeo yatoke. Mvua bado. Joto la Kabwe limenibandika nguo mgongoni.

Sasa nakaa nyumbani na Mama mchana kutwa. Kiharusi kilimpata Agosti. Mguu umerudi, mkono wa kulia unarudi kidogo kidogo, lakini maneno bado. Kaka yangu Kasuba ana miaka ishirini na tatu, ana duka lake la kinyozi karibu na soko la Bwacha na anaishi chumba cha nyuma ya duka. Unga, umeme na dawa za Mama vyote vinatoka kwenye mashine zake za kunyolea. Mimi natoa mikono tu.

Jumanne, 25 Novemba

Bi Mwangala alikuja. Ni yule mtaalamu wa kuongea kutoka hospitali. Anamfurahia Mama kuliko mtu mwingine yeyote.

Alimuuliza, akimwita mama wa Kasuba kwa Kibemba, "Leo umekula nini, Bana Kasuba?"

Mama akafikiri, midomo ikahangaika, kisha akasema, "Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Tukacheka wote, hata Mama. Hayo ni maneno ya yule mama mwenye nyumba kwenye tamthilia yake ya saa nane. Kila akigombana na wapangaji huanza hivyo. Mama anayasema anapotaka chai, anapotaka choo, na anapotaka kunitania.

Bi Mwangala alinieleza tena nje, mlangoni. Maneno ambayo mtu ameyasikia mara nyingi kwa mpangilio uleule hutoka kwa urahisi kuliko maneno ya kutunga. Kwa hiyo onyesho lilelile, saa ileile, na mimi niseme pamoja naye. "Usimrukishe mbele, Nsama. Ukimrukisha, unamtoa kwenye ngazi."

Akaunti ya filamu aliifungua Mama mwenyewe mwaka jana, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Ndani yake kuna kurasa tatu zenye majina, Mama, Kasuba na Nsama. Ukurasa wa Mama unakumbuka alipoishia. Kuna mstari mwekundu chini ya picha ya kila kipindi.

Jina la Kasuba analisema tangu Oktoba. Mimi bado ananiita "huyu".

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Ijumaa, 28 Novemba

Saa nane na dakika kumi runinga ilisimama. Maandishi yakasema watu wengi mno wanatumia akaunti hii kwa sasa. Malipo yetu yanaruhusu skrini mbili tu kwa wakati mmoja. Ya kwetu ni moja. Nyingine nyingi ziko wapi kama si dukani?

Nilipofanikiwa kufungua tena, ukurasa wa Mama ulikuwa umesogea. Tulikuwa kipindi cha kumi na nne. Mstari mwekundu ulikuwa katikati ya kumi na saba. Nilibonyeza bila kuangalia, na Mama akaona harusi ya watu ambao kwake bado hawajakutana. Alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya sahani.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilikwenda dukani. Kulikuwa na watu watano kwenye benchi na mpira kwenye runinga. Sipendi kuongea mbele ya watu, nikasubiri mpaka Kasuba atoke kumwaga maji.

"Kaka, unapofungua pale, Mama anafungwa."

"Mara moja tu hiyo, mdogo wangu."

"Na mtu anaingia kwenye ukurasa wake. Anamsogeza."

Alipangusa mikono kwenye koti lake jeupe, hakunitazama. "Wateja hao. Wanabonyeza ovyo. Nitawaambia."

"Utaacha saa nane?"

"Nitaacha. Rudi nyumbani kabla mvua haijakukuta, shingo yako yenyewe kama ya kuku."

Webby, kinyozi mwenzake wa kiti cha pili, akacheka kutoka mlangoni. Nikarudi.

Jumanne, 2 Desemba

Imefanyika tena. Skrini imefungwa, na mstari uko kipindi cha kumi na tisa.

Mama alirudia "Nani... nani..." mbele ya runinga nyeusi, akachoka, akageukia ukutani.

Nimebadilisha neno la siri. Nilichukua simu ya Mama, nikaingia kwenye mipangilio ya akaunti, nikaandika la zamani, kisha jipya mara mbili. Chini kulikuwa na kisanduku kilichosema "Ondoa akaunti kwenye vifaa vyote." Nikakiweka alama. Kisha nikaketi mbele ya runinga yetu na kuingiza neno jipya herufi moja moja kwa rimoti, jasho likinitoka kama mwizi.

Nataka kuandika ukweli humu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma. Nilifanya kwa ajili ya Mama. Pia nilifanya kwa sababu Kasuba huja Jumapili kwa saa mbili tu, na ndiye anayeitwa jina.

Jumatano, 3 Desemba

Kasuba alipita na mkate. Akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "Runinga yenu inashika?"

"Inashika."

"Yangu imekataa."

"Labda ni mtandao," nikasema.

"Labda," akasema.

Ijumaa, 5 Desemba

Mama na mimi tumerudi kipindi cha kumi na nne. Tumekirudia siku tatu mfululizo bila kukatizwa. Leo alisema sentensi nzima ya mwenye nyumba, ile ndefu ya kuhusu ufunguo. Nilifurahi, halafu nikakumbuka.

Jumapili, 7 Desemba

Kasuba alikuja na samaki wabichi, akampunguza Mama nywele barazani, polepole, akishika sikio lake kama kitu cha kioo. Nikiwa jikoni nakoroga nshima, ugali wetu, nilisikia simu ya Mama ikilia mlio wa ujumbe.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Matangazo," akasema. "Wanauza milio ya simu."

Jumatatu, 8 Desemba

Asubuhi runinga inadai neno la siri. Nikaweka langu. Si sahihi. Nikaweka tena, herufi kubwa, herufi ndogo. Si sahihi.

Nikafungua barua pepe ya Mama, ambayo iko wazi kwenye simu yake siku zote. Kulikuwa na barua mbili za jana saa kumi jioni. Ya kwanza ilisema neno la siri limebadilishwa kwa kutumia namba za uthibitisho zilizotumwa kwa simu. Ya pili ilisema namba ya simu ya akaunti sasa ni ile inayoishia na 47.

Nambari 47 naijua. Ni laini ya pili ya Kasuba, ile anayopokelea wateja.

Kwa hiyo hayakuwa matangazo. Aliomba zile namba za uthibitisho wakati mkasi uko kichwani kwa Mama, akazisoma, akafuta ujumbe, kisha akahamisha namba ya simu ili mara nyingine zimjie yeye. Yote hayo na samaki akatuletea.

Ningeweza kumpigia. Ningesema, kaka, umebadilisha. Angesema, na wewe je?

Jumanne, 9 Desemba

Namba ya simu si yetu tena, lakini barua pepe bado ni ya Mama. Nilibonyeza "Umesahau neno la siri?" nikachagua barua pepe. Kiungo kikaja, kinadumu dakika ishirini. Nikabadilisha. Nikaweka alama kwenye kisanduku.

Bi Mwangala alikuwa amekaa na Mama sebuleni. Akasema, "Una binti mtulivu sana, Bana Kasuba." Nilikuwa na simu nyuma ya mgongo.

Jumatano, 10 Desemba

Umeme ulikatwa kutwa. Tulikula karanga.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo ni lazima niandike yote.

Asubuhi tumetolewa tena. Barua pepe inasema limebadilishwa jana jioni, kwa simu, 47. Hiyo ni mara ya nne kwa siku tisa, mbili zangu na mbili zake.

Saa nane kasoro robo nikaomba kiungo. Kikaja. Nikakibonyeza, kikasema hakifai tena, kuna ombi jipya. Nikashangaa. Nikaomba kingine, kikaja, nikakibonyeza, hakifai. Nikaomba kingine. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka sikusikia Mama akiniita, na nilikuwa nabonyeza, nabonyeza.

Nilielewa kwa kuchelewa. Kila ombi jipya huua lililotangulia, na hupeleka taarifa kwenye simu ya akaunti. Nilipokuwa nikiomba kiungo hapa, Kasuba alikuwa akiomba namba kule dukani. Kiungo changu kiliua namba zake, namba zake zikaua kiungo changu. Tulikuwa kama watu wawili wanaovuta mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje, kila mmoja akidhani umekwama.

Saa nane na nusu ikaja barua ya mwisho. Akaunti imefungwa kwa usalama kwa sababu ya majaribio mengi. Kiungo hakitatumwa tena, namba hazitatumwa tena. Mwenye akaunti mwenyewe apige simu.

Mwenye akaunti mwenyewe.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameketi wima, amejifunga kitenge chake cha saa nane, anasubiri.

Jumamosi, 13 Desemba

Kasuba alikuja. Hakuuliza habari ya runinga. Mimi sikumwambia. Tulizungumza habari ya paa. Alisema Webby ameondoka dukani.

"Kwa nini?"

"Mambo," akasema.

Jumanne, 16 Desemba

Bi Mwangala alimwonyesha picha ya kikombe. Mama akatazama. Picha ya kiti. Akatazama. Akamwambia aseme ile ya mwenye nyumba, na Mama akafungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa.

Nje mlangoni akaniuliza, "Mmeacha tamthilia?"

"Runinga ina shida."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Akafungua mwavuli wake. "Wiki mbili tatu akinyamaza, atazoea kunyamaza. Kunyamaza ni rahisi, Nsama. Wewe unajua."

Sidhani alikusudia kunichoma.

Jumatano, 17 Desemba

Nilijaribu kuigiza mwenye nyumba mwenyewe, nimevaa kitenge kichwani. Mama alinionea huruma.

Alhamisi, 18 Desemba

Ameketi mbele ya runinga nyeusi kuanzia saa nane mpaka saa tisa. Hakusema neno. Saa tisa akanyanyuka mwenyewe, akaenda kulala.

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemwambia.

Nilikwenda dukani kabla ya kufunguliwa, saa moja asubuhi, maji yamejaa kwenye viatu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kasuba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, peke yake, na simu iliyozimwa mkononi. Kiti cha Webby kimefunikwa na taulo.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekutoa kwenye akaunti. Tarehe mbili. Halafu tarehe tisa. Na Alhamisi ile nilikuwa naomba kiungo, nawe unaomba namba."

Aliweka simu chini. Kisha akaangua kicheko, kicheko kibaya, kisicho na furaha.

"Kumbe mwizi wangu yuko nyumbani ananipikia nshima."

"Na wangu ananiletea samaki."

"Uliona?"

"Barua pepe inaandika kila kitu, kaka. Saa, siku, na arobaini na saba."

Akashika kichwa. "Nilimfukuza Webby."

"Kwa hilo?"

"Ndiye pekee niliyempa neno la siri, na kila nilipobadilisha nilidhani runinga yenu inabaki wazi kama mara ya kwanza. Nilimwita mwizi mbele ya wateja. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaondoka. Hata hakunijibu."

Nilimfikiria Webby akilikunja koti.

"Lakini ulisema utaacha saa nane," nikasema hatimaye. "Ungeacha, nisingefanya. Wateja wako walikuwa wanamvuruga Mama."

"Hakuna mteja aliyegusa ukurasa wa Mama."

"Mstari ulikuwa unasogea."

"Ni mimi."

Akageuza kiti kidogo, akatazama kioo badala ya kunitazama mimi. Alisema saa nane wateja ni wachache. Alikuwa anafungua tamthilia kwenye simu yake, runinga ya dukani ikiendelea, anaiangalia huku anafagia nywele, anajifunza. Alitaka Jumapili akija awe na sentensi za kumjibu Mama. Mama akisema nani amekaa kwenye kiti changu, yeye ajue mpangaji anajibu nini.

"Kwa nini usitumie ukurasa wako?"

"Sikujua alipofika. Kwake ndiyo nilijua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kinyozi mzima anaangalia mambo ya akina mama wenye nyumba? Webby angenitangaza soko zima." Akanitazama kupitia kioo. "Na wewe uko naye kila siku. Mnacheka vitu ambavyo mimi sivijui. Nikija mimi ni mgeni mwenye mkate."

Siku zote hizi nilidhani yeye ndiye anayependwa. Nilikaa kwenye kiti cha Webby, juu ya taulo, nikalia. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Shuka hapo, utalilowesha lote," nikajua hajanichukia.

Jumapili, 21 Desemba

Tumepiga simu pamoja, Kasuba akiwa na sauti yake ya biashara. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole na hakuyumba. Hawezi kufungua kwa mtoto wa mteja, wala kwa anayelipa. Mwenye akaunti aseme mwenyewe jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya kurasa zilizomo. Kasuba akaeleza kiharusi.

"Pole sana, kaka. Nitaandika hapa kwamba anaongea polepole. Tutamsubiri. Lakini lazima tumsikie yeye."

Kasuba akafunika simu kwa kiganja. "Majina ya kurasa," akaninong'oneza. Alikuwa ananiangalia mimi.

Jumanne, 23 Desemba

Nilikiri yote kwa Bi Mwangala. Hakunigombeza. Alisema mtu asiyeweza kusema jina huweza kuliimba, kwani wimbo hupita njia nyingine kichwani. Tukachukua sauti ya wimbo wa kwaya ya Mama, tukaweka jina lake na tarehe, Astridah Kabaso, nilizaliwa tarehe tatu Juni. Mama aligonga goti kwa mkono wa kushoto. Mara ya tisa likatoka, Astridah.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kuku, wali, na Astridah Kabaso mara arobaini. Kasuba anaimba vibaya kiasi kwamba Mama alimziba mdomo.

Jumamosi, 27 Desemba

Jina kamili na tarehe, mara nne bila kukosea. Kurasa anasema "Mama". Anasema "Kasuba". Hapo anasimama, ananitazama, na jasho linamtoka. Nimemwambia tupumzike.

Jumatatu, 29 Desemba

Tulipiga saa nne asubuhi, umeme upo, mvua imetulia. Simu iliwekwa mezani, sauti juu. Muziki wa kusubiri ulicheza dakika kumi na moja. Mama alivaa kitenge cha saa nane.

Alikuwa dada mwingine, lakini maelezo aliyakuta. "Habari za asubuhi. Naongea na nani?"

Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Mama akashtuka. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Kisha yule dada akacheka kwa pua. "Mama, hata mimi naitazama hiyo. Chukua muda wako."

Mama akaanza kugonga goti. Aliimba jina lake, lote. Aliimba tarehe tatu Juni na mwaka. Yule dada alisubiri mpaka alipomaliza.

"Asante, Mama. Sasa kabla ya kurasa, nina swali la usalama. Hapa naona neno la siri limebadilishwa mara nne kati ya tarehe mbili na tarehe kumi, kisha maombi kumi na saba kwa siku moja. Ulibadilisha wewe?"

Hatukuwahi kumwambia. Tuliimba naye siku sita, na hakuna kati yetu aliyemweleza kwa nini tunaimba. Tulisema runinga ina shida.

Mama alimtazama Kasuba. Kasuba alitazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama anavyonitazama nikiwa nimeficha sahani iliyovunjika. Jicho lake la kulia, lile linalolegea, halikulegea.

"Hapana," akasema.

"Si wewe. Basi unajua ni nani?"

"Kasuba," akasema Mama. Alivuta pumzi. Goti halikugongwa, wala hakuimba. "Na Nsama."

Tangu Agosti sikuwa nimelisikia jina langu kutoka mdomoni mwake. Nimelisikia sasa, na ni la kushtakiwa.

"Hao ni nani, Mama?"

"Wangu."

"Na ndiyo majina ya kurasa?"

"Mama," akasema. "Kasuba. Nsama."

Nilisikia vidole vikigonga kibodi kule mbali. Yule dada akasema akaunti iko wazi, na namba ya simu imerudishwa kuwa ya Mama. Akamshauri abadilishe na neno la siri la barua pepe, kwa kuwa kuna watu ndani ya nyumba. Alisema hivyo kwa heshima kabisa. Kasuba alitoka nje, nikamwona kupitia dirishani amesimama chini ya paa linalovuja, anapangusa uso.

Jumanne, 30 Desemba

Nimemsimulia Mama kila kitu tangu tarehe mbili, pamoja na habari ya kuitwa "huyu". Alisikiliza mpaka mwisho. Alitafuta neno, hakulipata, akanipiga kofi dogo mkononi. Halafu akaliacha kofi lile pale, juu ya mkono wangu, mpaka saa nane.

Ijumaa, 2 Januari

Kasuba alikwenda kwa Webby na koti limefuliwa. Webby amesema atafikiri.

Jumatatu, 5 Januari

Neno la siri jipya alilichagua Mama. Alilisema, mimi nikaandika, na karatasi imebandikwa nyuma ya runinga mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Dukani wana ukurasa wao wa nne, na saa nane wanazima. Jumapili Kasuba anakaa katikati yetu na kujibu kama mpangaji, na anakosea.

Leo mchana nilikuwa nafua uani. Mama aliita kutoka ndani, "Nsama." Niliacha ndoo, nikakimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amekaa tu. Alinionyesha runinga. Mstari mwekundu ulikuwa kipindi cha kumi na tano, na jana tuliishia cha kumi na nne.

Nilimwambia ni mimi. Jana alipolala nilitazama kimoja mbele.